Kaboni ya Udongo katika Shamba la Ekari Moja: Vipimo na Malipo Kisii na Nyamira

Kaboni ya udongo ni ile iliyomo katika mboji, yaani mabaki ya mimea, samadi na viumbe vidogo vya ardhini yaliyooza na kushikamana na chembe za udongo. Mboji inapoongezeka, sehemu ya hewa ukaa iliyonyonywa na mimea kutoka angani hubaki ardhini badala ya kurudi angani, na ni tofauti hiyo ndiyo inayopimwa, kuthibitishwa na kuuzwa kwa njia ya hati za kaboni, ambapo hati moja husimamia tani moja ya hewa ukaa. Biashara hii inapofika Kisii na Nyamira hukutana na mazingira yasiyofanana na yale ya wafugaji wa nyanda kame wala ya mashamba makubwa ya ng'ambo. Kwa hesabu za sensa ya 2019, Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba na Nyamira zaidi ya 600, familia nyingi hulima ekari moja au pungufu, na katika eneo hilo dogo chai, ndizi, mahindi, maharagwe, nepia na ng'ombe mmoja au wawili wa zizini hugawana kila hatua ya ardhi.

Ili kuona ni kitu gani hasa kinachopimwa, na ichukuliwe ekari moja ya udongo mwekundu wa milimani, wenye kaboni asilimia 3 katika sentimita 30 za juu, ambacho ndicho kina kinachotumika katika miradi mingi. Kama sentimita moja ya ujazo wa udongo huo ina uzito wa gramu 1 ukiwa mkavu, basi kina hicho chote katika ekari moja kina uzito wa takriban tani 1,200, na ndani yake mna tani 36 za kaboni. Tuseme mkulima ameanza kutandaza mabua, kutia samadi iliyoiva na kupanda kaliandra kwenye kontua, na udongo wake ukaongeza tani 0.2 za kaboni kila mwaka, kiwango ambacho ni cha matumaini kwa shamba la aina hii. Baada ya miaka mitano atakuwa na tani 37 badala ya 36, na kipimo cha maabara kitakuwa kimepanda kutoka asilimia 3.00 hadi takriban 3.08.

Hapo ndipo ugumu wa biashara nzima ulipo. Sampuli mbili zilizochukuliwa siku moja katika shamba moja, moja chini ya migomba karibu na nyumba ambako majivu na samadi hutupwa kila siku, nyingine kwenye mteremko wa mahindi unaokokotwa na mvua, zinaweza kutofautiana mara nyingi zaidi ya hiyo asilimia 0.08. Njia ya maabara nayo huleta tofauti yake: ile ya kizamani ya Walkley na Black, ambayo huunguza mboji kwa kemikali, haiifikii kaboni yote na hulazimu matokeo yazidishwe kwa kigezo cha kukadiria, ilhali njia ya kuunguza sampuli kavu katika tanuri huipata karibu yote. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kikifanywa kwa njia moja na cha pili kwa nyingine, ongezeko linaloonekana huenda likawa la maabara wala si la shamba. Kituo cha utafiti wa kilimo-misitu cha ICRAF jijini Nairobi kimeendeleza njia ya tatu, ya kumulika udongo mkavu kwa mwanga wa infraredi na kukisia kaboni kutokana na namna mwanga unavyorudi. Njia hiyo ni rahisi kwa gharama na huruhusu sampuli nyingi, ila usahihi wake hutegemea sampuli za marejeo zilizopimwa kwa tanuri kutoka katika udongo wa eneo lilelile.

Kosa linalopita kimyakimya zaidi ni la uzito wa udongo kwa ujazo. Mkulima akilima kwa kina na kuulegeza udongo, sentimita zilezile 30 huwa na udongo kidogo zaidi: gramu 1 ikishuka hadi 0.9, ekari yake ya mfano itaonyesha tani 33 tu za kaboni, kana kwamba amepoteza tani 3, hata kama mboji imeongezeka. Udongo ukikanyagwa na ng'ombe ukagandamana, hesabu hugeuka na kumpa faida isiyokuwepo. Dawa yake ni kulinganisha uzito uleule wa udongo badala ya kina kilekile, jambo linalodai kwamba kila keekee ya sampuli iendane na pete ya chuma ya kupimia ujazo. Ripoti ya mradi isiyotaja uzito huo haina msingi wa kuaminiwa, hata ikiwa na ramani nzuri za setilaiti.

Kwa kuwa haiwezekani kuchimba kila shamba kwa usahihi huo, Mradi wa Kaboni ya Kilimo Kenya, ulioanzishwa mwaka 2009 na shirika la Vi Agroforestry lenye asili ya Uswidi katika maeneo ya Kisumu na Bungoma, ulichagua kuhesabu badala ya kuchimba. Mradi huo ulikusudia kufikia hekta 45,000, na mnunuzi wake alikuwa Mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia, uliotia saini mkataba wa ununuzi mwaka 2010. Wakulima waliandika katika vikundi vyao wamelima nini, wamevuna kiasi gani, wameacha mabua mangapi shambani na wametia samadi kiasi gani, kisha takwimu hizo zikaingizwa katika modeli ya RothC, mfumo wa hesabu unaokadiria mboji itakavyooza kulingana na joto, mvua na kiasi cha mfinyanzi. Utaratibu huo ulikubaliwa mwaka 2011 kwa jina la VM0017 chini ya kiwango cha VCS, kinachosimamiwa na shirika ambalo sasa huitwa Verra, na Januari 2014 zikatolewa hati za kwanza chini yake, za tani 24,788 za hewa ukaa.

Mafanikio hayo yalikuwa ya kweli, na wakulima wengi walipata mavuno bora kutokana na mafunzo. Hata hivyo, modeli ya RothC ilizaliwa Rothamsted, Uingereza, kutokana na majaribio ya muda mrefu yaliyoanza mwaka 1843, na udongo wa kitropiki haulazimiki kuitii. Mwaka 2018 watafiti wa kituo cha CIAT walichapisha matokeo ya majaribio ya muda mrefu magharibi mwa Kenya, yakionyesha kwamba kilimo hifadhi na matumizi ya pamoja ya samadi na mbolea vilipunguza kasi ya kupotea kwa kaboni, lakini havikuiongeza. Matokeo haya hayapingi malipo. Yanachobadilisha ni swali la mkulima alinganishwe na nini. Akilinganishwa na shamba lake la mwaka wa kwanza, ataonekana amepoteza. Akilinganishwa na jirani asiyebadili kilimo chake, ataonekana ameokoa. Utaratibu wa VM0042, uliotolewa mwaka 2020 na ambao umechukua nafasi ya ule wa awali, hudai udongo upimwe upya angalau kila baada ya miaka mitano, na pale mradi unapotegemea vipimo vyenyewe, mashamba ya kulinganishia yafuatiliwe sambamba. Huo ni utaratibu wa haki zaidi, lakini gharama yake hupunguza kinachomfikia mkulima.

Kinachomfikia ni kiasi gani? Ekari ya mfano iliongeza tani 0.2 za kaboni kwa mwaka, ambazo zikizidishwa kwa 44 na kugawanywa kwa 12, kulingana na uzito wa molekuli, huwa tani 0.73 za hewa ukaa. Mradi huondoa sehemu kwa ajili ya akiba ya tahadhari, yaani hati zisizouzwa ambazo hufidia kaboni ikipotea baadaye, pamoja na punguzo la shaka ya vipimo. Ikiondolewa asilimia 20, zinabaki tani 0.59. Kwa bei ya kudhania ya dola 10 kwa tani, na mgawo wa asilimia 60 kwa mkulima, malipo ni takriban dola 3.50, au shilingi 455 kwa mwaka, sawa na lita 10 za maziwa zikiuzwa kwa shilingi 45. Ni kwa sababu hii malipo hupitia vikundi: kutuma fedha hizo kwa kila mtu peke yake, kumtembelea na kumkagua kungezila zote.

Ng'ombe aliyetajwa katika lita hizo ana hesabu yake pia, kwa maana alama ya kaboni ya shamba hujumlisha gesi zote zinazotoka humo. Kwa kigezo cha jumla cha jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, kilichowekwa mwaka 2006, ng'ombe wa maziwa barani Afrika hutoa kilo 46 za methani kwa mwaka kutokana na kucheua, na methani ikihesabiwa kuwa na nguvu mara 28 ya hewa ukaa, hizo ni tani 1.29. Ng'ombe mmoja, basi, hutoa gesi nyingi kuliko zile zinazowekwa na udongo wa ekari nzima. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya chai yenye nitrojeni asilimia 26 huongeza takriban kilo 54 kwa njia ya oksidi ya nitrasi inayotoka udongoni, kabla ya kuhesabu gesi za kiwanda kilichoitengeneza. Isitoshe, mabua yanayodaiwa kubaki shambani ndiyo chakula cha ng'ombe huyo wakati wa kiangazi na ndiyo kuni za jikoni, na mradi unaoyahesabu kama matandazo bila kuuliza yalikwenda wapi huuza kaboni iliyokwisha kuliwa. Kigezo cha jumla nacho kina dhuluma yake, kwa kuwa mkulima anayelisha vizuri akapata lita 10 kwa siku huandikiwa methani ileile ya ng'ombe wa lita 3, ingawa gesi kwa kila lita imeshuka sana. Ndiyo maana Kenya imeanza kutumia vigezo vya kina zaidi vya sekta ya maziwa katika hesabu yake ya taifa.

Limebaki suala la mkataba. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023 na kanuni za masoko ya kaboni zikafuata mwaka 2024. Sheria hiyo inataja kwamba jamii zipate angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi baada ya kutoa gharama, lakini uzito wake mkubwa uko katika ardhi ya jamii na ya umma. Ardhi ya Kisii na Nyamira ni ya watu binafsi, na mara nyingi hati miliki ingali kwa jina la babu aliyefariki huku wana na wajukuu wakilima vipande walivyogawiwa kwa mdomo. Mkataba wa kaboni wa miaka 20 juu ya kipande cha namna hiyo hufunga watu ambao hawakutia saini, na mwana mmoja akiamua kujenga nyumba au kupanda mikaratusi, kaboni iliyouzwa hupotea na deni hubaki kwenye kikundi.

Kikundi kinachofikiwa na wakala wa kaboni, basi, kidai kuonyeshwa kwa maandishi kipimo cha kwanza na uzito wa udongo uliotumika, mgawo wa fedha baada ya gharama zipi, na ni nani atakayelipa kaboni ikipotea. Asiyeweza kujibu hayo asitiliwe saini, na samadi iendelee kutiwa shambani kwa ajili ya mahindi.