Majaribio Yamefungwa, Lakini Nini Kimebaki Wazi?

Ukiambiwa huduma mpya ya pesa kwa simu "imemaliza majaribio", usidhani kila kitu kiko sawa asilimia mia. Kabla huduma haijafunguliwa kwa umma, watu wa majaribio huandika ripoti ya kufunga. Ripoti hiyo hujibu maswali matatu: tulijaribu nini na wapi, kasoro gani bado hazijarekebishwa, na mteja atabaki na hatari gani tukifungua hivyo hivyo. Swali la tatu ndilo linalokuhusu wewe zaidi, na ndilo husomwa kwa haraka kuliko yote.

Tuchukue mradi ambao Wakenya wote wanaujua, ingawa haukuwa wetu. Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika. Maduka ya wakala yalikuwa 8 tu, na wateja hawakufika hata 500. Wengi wao walikuwa na mikopo ya Faulu, kwa sababu wazo la kwanza halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa kulipa mkopo kwa simu bila kubeba noti hadi kwenye kikao cha kikundi.

Majaribio yalipofungwa mwaka wa 2006, picha ilikuwa ya kushangaza kidogo. Upande wa mteja, mambo yalienda: kuweka, kutoa na kununua muda wa maongezi kulifanya kazi. Kasoro kubwa ilikuwa ofisini. Malipo yaliyoingia kwa simu hayakuingiliana vizuri na vitabu vya mkopeshaji, ikabidi watu wayaingize kwa mkono na kuyalinganisha moja moja. Kitu hicho hakionekani kwenye skrini ya simu yako, lakini mkopo wako unaweza kuonekana haujalipwa ilhali umelipa.

Na wateja nao walikuwa wamejifunza mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Walitumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari, wakazitoa walipofika, ili wasitembee nazo njiani. Basi, badala ya kusubiri kasoro ya mkopo itengenezwe, huduma ilipofunguliwa Machi 2007 ulipaji wa mikopo uliwekwa kando, na kilichotangazwa kikawa kutuma pesa nyumbani. Sisi tunaona huo ulikuwa uamuzi mzuri. Kasoro iliyobaki wazi si lazima izuie huduma yote, mradi sehemu yenye kasoro isipelekwe kwa mteja.

Sasa hatari iliyobaki. Fikiria Salama, pale kwenye barabara ya Mombasa kabla ya Sultan Hamud. Maduka 8 ya Nairobi na Thika hayawezi kukuambia wakala wa Salama atafanyaje jioni noti zinapomwishia na benki zimefungwa. Jaribio lilionyesha kwamba mfumo unaweza kutoa pesa. Halikuonyesha kwamba wakala wa kila soko atakuwa nazo. Kwenye ripoti, sehemu kama hiyo inafaa iandikwe wazi "haikujaribiwa", maana kutopata kasoro mahali ambapo hukutafuta si ushahidi.

Hatari nyingine hubaki hata baada ya majaribio mazuri: mtandao kukatika katikati. Tuseme mama mwenye duka hapo Salama anamtumia muuzaji wake wa Emali shilingi 3,000. Ameweka PIN, simu ikagoma, hakuna ujumbe. Kunaweza kuwa na mambo mawili. Ombi halikufika kabisa, au pesa zimekwenda na ni ujumbe tu umechelewa. Kwenye skrini, yote mawili yanafanana.

Mjaribu hukata mtandao makusudi katika kila hatua: kabla ya PIN, mara tu baada yake, na baada ya pesa kukatwa. Halafu analinganisha salio la pande zote mbili na rekodi za mfumo. Anachotaka kuona ni kwamba pesa zimehama mara moja au hazijahama kabisa. Hilo likipita, ujumbe kuchelewa huandikwa kama kasoro ndogo iliyobaki wazi. Lakini mama huyo akituma tena kwa haraka, zinaweza kwenda 6,000, na mfumo utakuwa umefanya kazi sawasawa.

Kwa hiyo, ujumbe ukikosekana, angalia salio kwanza. Likiwa limepungua, usitume tena; fungua taarifa ya miamala utafute namba ya muamala. Kama halijapungua, subiri kidogo uangalie mara ya pili kabla ya kurudia. Na ikiwa umeshatuma mara mbili kwa M-Pesa, sambaza ujumbe wa muamala wa pili kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajazitumia. Zikishatolewa, kuzirudisha huwa shughuli nyingine.