Ishirini kwa Ishirini ya Nini?

Miongoni mwa matangazo ya viwanja yabandikwayo katika kuta na miti ya pembezoni mwa Dar es Salaam, yako mengi yasemayo, «Kiwanja kinauzwa, 20 kwa 20, bei maelewano,» na mwandishi wake hudhani ametimiza wajibu, ilhali lile ambalo mnunuzi ana haja nalo kuliko yote hakulitaja: ishirini hizo ni za nini? Katika ardhi isiyopimwa watu huuziana kwa hatua, na hatua ya mtu mzima aendaye mwendo wake wa kawaida ni kadiri ya sentimita 75, basi hatua 20 kwa 20 ni meta 15 kwa 15, yaani meta za mraba 225. Naye aliyedhani ananunua meta 20 kwa 20, ambazo ni 400, amelipia ardhi ambayo karibu nusu yake haipo.

Tangazo la insafu, kwa hiyo, hutaja kipimo kwa meta, kisha huitaja mipaka moja baada ya moja, kama wazee wa pwani walivyozoea kuitaja kwa kibla, suheli, matlai na magharibi. Tuseme hivi: «Kiwanja kilichopimwa, namba na kitalu chake ni hivi, meta 20 mbele na 30 kwenda nyuma, jumla meta za mraba 600, kibla kimepakana na barabara ya mtaa, suheli na mfereji wa maji ya mvua, matlai na nyumba yenye ukuta, magharibi na kiwanja kitupu, bikoni zote nne zaonekana.» Hilo la mfereji wauzaji wengi hulinyamazia, nami naona ni dhuluma, kwa kuwa mnunuzi atalijua masika ya kwanza, maji yakiwa yamekwisha ingia ndani.

Bikoni ni kijiguzo cha zege chenye chuma na namba, na namba hiyo sharti iafikiane na ile iliyo katika ramani ya upimaji. Ukiona saruji yake ni mpya au udongo wake umetifuliwa, usiiamini. Chukua futi ya kamba, upime kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Kiwanja cha mstatili cha 20 kwa 30 kina mishazari miwili iliyo sawa, kila mmoja kama meta 36. Mmoja ukiwa 34 na wa pili 38, pembe zimehama, hata kama pande zote zimetimia.

Tangazo na limalizikie kwa maneno yampayo msomaji jambo la kutenda: «Mwenye kutaka na aje Jumamosi saa tatu asubuhi, pamoja na mpima wake; nakala ya hati na ramani atapewa papo hapo akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, na malipo hayapokelewi kabla ya majibu kutoka.»