Uga Sumaku juu ya Mhimili wa Kitanzi: Jumla ya Ukubwa na Ukubwa wa Jumla

Mnamo mwaka wa 1820, miezi michache baada ya Hans Christian Ørsted wa Kopenhageni kutangaza kwamba waya wenye mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira, Jean-Baptiste Biot na Félix Savart waliipima athari hiyo mjini Paris. Walichokipima kilitokana na waya mzima. Kanuni ya kipande kimoja kidogo cha waya ilitolewa na Laplace kutokana na vipimo vyao, ingawa leo hubeba majina ya wapimaji. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kipande chenye urefu dl na mkondo I huzaa, mahali palipo umbali r, uga sumaku wenye ukubwa

dB = μ₀ I dl sin θ / (4π r²)

ambapo θ ni pembe iliyo kati ya kipande hicho na mstari utokao kwake hadi mahali hapo. Uga huo una mwelekeo pia: husimama kwa pembe mraba juu ya kipande na juu ya mstari huo, vyote viwili.

Na tuchukue waya uliopindwa ukawa kitanzi cha duara chenye nusu kipenyo a. Mhimili wake ni mstari unaopita katikati ya duara na kusimama wima juu ya bapa lake. Mahali popote juu ya mhimili, kwa umbali x kutoka katikati, pana sifa mbili zinazorahisisha kazi. Vipande vyote viko umbali ule ule, r = √(a² + x²), na kila kimoja hufanya pembe mraba na mstari wake, hivyo sin θ ni 1. Kwa hiyo katika kujumlisha hakuna kinachobadilika ila mwelekeo.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, na chanzo chake si hesabu peke yake. Mwanafunzi aambiwapo "jumlisha", hukusanya ukubwa wa kila kipande, huuzidisha kwa mzingo 2πa, akapata μ₀ I a / 2(a² + x²). Hiyo ni jumla ya ukubwa. Kinachotakiwa ni ukubwa wa jumla, na Kiswahili hakimsaidii sana, maana "ukubwa wa jumla" waweza kusikika kama "ukubwa wote kwa pamoja", yaani lile lile kosa. Ni salama zaidi kusema "ukubwa wa ile jumla": kwanza nyuga zijumlishwe pamoja na mielekeo yake, kisha ndipo jibu lipimwe.

Kila uga mdogo umeinama kando ya mhimili. Vipande viwili vinavyokabiliana kwenye duara huinamisha nyuga zao pande zilizo kinyume, na sehemu hizo za kando hufutana kabisa. Inayosalia ni sehemu iliyolala juu ya mhimili, nayo ni dB mara a/r. Mgawanyo huu mmoja, a/r, ndio uliokosekana. Sasa mzingo waweza kuingizwa:

B = μ₀ I a² / 2(a² + x²)^(3/2)

Tuseme nusu kipenyo ni sentimita 10 na mkondo ni ampea 5. Katikati ya kitanzi B ni mikrotesla 31.4, kiasi kinachokaribia uga wa dunia yenyewe mjini Nairobi. Jibu la kosa nalo hutoa 31.4, kwa kuwa hapo r ni sawa na a. Hivyo anayejihakiki katikati tu hatagundua lolote. Kwa umbali wa sentimita 10 jibu sahihi ni 11.1, la kosa ni 15.7. Mbali zaidi tofauti hujitangaza: kutoka sentimita 40 hadi 80 uga sahihi hushuka kutoka 0.448 hadi 0.060, yaani mara saba na nusu, ukielekea mara nane. Ule wa kosa hupungua mara 3.8 tu, mithili ya kitu kisichokuwa na pande mbili zinazofutana.

Njia hii haivuki mhimili. Mahali pakisogezwa kando kidogo, umbali na pembe hubadilika kutoka kipande hadi kipande, na jumla haipatikani tena kwa fomula nyepesi. Katika maabara, nyaya mbili ziingizazo na kutoa mkondo hazina budi kusokotwa pamoja, ili nyuga zake zifutane. Zikiachwa wazi, dira itapima kitanzi pamoja na nyaya hizo. Na sindano ya dira huonyesha uga wa kitanzi na wa dunia kwa pamoja. Hiyo nayo ni jumla yenye mielekeo, hivyo mpimaji hugeuza mkondo upande wa pili, husoma tena, na kutumia tofauti ya masomo hayo mawili.