Hisa Bila Ada, Gharama Iko Wapi?

Nchini Marekani, mteja wa Robinhood anaponunua hisa kwa simu, oda yake mara nyingi haifiki kwenye soko la wazi. Dalali huipeleka kwa kampuni kubwa kama Citadel Securities, ambayo humlipa dalali kwa kuletewa oda hiyo, kisha hujaribu kupata faida kwenye tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza.

Tuseme hisa inauzwa sokoni kwa dola 10.04. Kampuni ikimuuzia mteja kwa 10.03, ameokoa senti moja. Lakini kama kwingineko angepata 10.02, kwa hisa 500 amepoteza dola 5, bila kuziona popote.

Kuna pia masoko ya gizani, ambako oda hazionyeshwi kabla ya biashara kufanyika. Yanawafaa zaidi wenye mafungu makubwa.

Desemba 2020, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilisema wateja wa Robinhood walipoteza dola milioni 34.1 kwa bei duni, hata baada ya kuhesabu ada walizookoa. Kampuni ililipa faini ya dola milioni 65, bila kukiri wala kukana.

Mwekezaji aandike bei iliyoonyeshwa anapotuma oda, ailinganishe na aliyopewa.