Picha Thelathini, Kisha Pumzika



Katika miji yetu ya pwani wapo kina mama na vijana wengi ambao sasa riziki yao hupitia kwenye skrini. Mmoja hupewa picha za barabarani azungushie mistari magari na watu. Mwengine husikiliza sauti na kuiandika, na mwengine huhakiki maneno yaliyoandikwa na mashine. Kazi hizi huja kwa foleni: ukimaliza moja, nyengine imekwisha jitokeza. Ugumu wake ndio huo. Aliyeshona nguo huona mwisho wa pindo akainua kichwa, lakini foleni haina pindo. Macho na shingo havipati ishara ya kusimama mpaka maumivu yenyewe yawe ishara, na wakati huo mtu amekwisha chelewa.

Tuanze na macho. Kwa kawaida mtu hupepesa kope kiasi cha mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini, hesabu hiyo hushuka hadi nusu au hata chini ya hapo, na aghalabu kope hazifungi sawasawa. Hushuka nusu njia zikarudi juu. Kule kupepesa ndiko kunakotandaza machozi juu ya jicho, na ndiko kunakokamua mafuta kutoka kwenye vitundu vidogo vilivyo ukingoni mwa kope. Mafuta hayo huyafunika machozi yasikauke upesi. Pasipo kupepesa vyema jicho hukauka, likawasha kama lililoingia mchanga, kisha likatiririka machozi. Wengi hudhani jicho linalotoka machozi haliwezi kuwa kavu. Kumbe machozi yale ni jicho linalojitetea kwa sababu ya ukavu.

Kwetu pwani yapo mambo mawili ya kuongeza ukavu huo. La kwanza ni feni iliyoelekezwa usoni. Igeuze ipulize miguuni au mgongoni. La pili ni wanja unaopakwa ndani ya ukingo wa kope, kwani huweza kuziba vile vitundu vya mafuta. Saa za kazi uache, au upake nje ya kope.

Ndani ya jicho kuna msuli mdogo unaokaza kila tunapotazama kitu cha karibu, na hulegea tukitazama mbali. Saa tatu mbele ya skrini ni saa tatu za msuli uliokazwa. Ndiyo maana baadhi ya watu wakiinua macho huona ukungu ng'ambo ya chumba kwa muda. Madaktari wa macho hufundisha kanuni nyepesi: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Usiku taa ya jirani ng'ambo ya mtaa yatosha. Wakati huo huo funga kope taratibu hadi zigusane, mara kumi. Lakini anayeacha skrini akachukua simu hakupumzika, kwa kuwa simu iko karibu zaidi ya skrini na msuli ule unazidi kukaza.

Kanuni hii ni rahisi kuisema na rahisi kuisahau, kwani foleni humsahaulisha mtu saa. Kwa hivyo twashauri mapumziko yahesabiwe kwa kazi, si kwa saa. Tuchukue mfano wa mama anayefanya kazi ya picha watoto wakishalala, kuanzia saa tatu usiku hadi saa saba, na kila picha humchukua sekunde 40. Kwa dakika 20 atakuwa amemaliza picha 30. Basi kila picha ya thelathini ndiyo kengele yake: anatazama mbali kwa sekunde 20. Kila ifikapo picha ya tisini, yaani saa nzima, anainuka kwa dakika 5, ananyoosha mabega, anakunywa maji na kutembea hadi mlangoni.

Atauliza: na ujira wangu? Tuhesabu. Kwa saa nne angefanya picha 360 bila kupumzika. Mapumziko mafupi manane hayafiki dakika 3, na yale marefu matatu ni dakika 15. Jumla ni kama dakika 18, sawa na picha 27. Lakini ikiwa uchovu umefanya kila picha ichukue sekunde 50 katika saa mbili za mwisho, amepoteza picha 36, mbali na zile zitakazokataliwa kwa makosa. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani wa usalama kazini walichapisha uchunguzi wa makarani wa kuingiza data. Makarani hao waliongezewa mapumziko ya dakika tano tano, jumla ya dakika 20 kwa siku. Maumivu ya mwili na uchovu wa macho vilipungua, na kazi iliyokamilika haikupungua.

Jambo moja la kuangalia: kazi nyingi za foleni zina saa inayohesabu tangu unapoipokea. Pumzika baada ya kuwasilisha na kabla ya kupokea nyengine, wala si katikati. Na ikiwa mtandao wako una mpangilio wa kupokea kazi inayofuata wenyewe, uzime, maana huo ndio unaokunyang'anya mwanya wa kupumua.

Sasa kikao. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kikiinama mbele, misuli ya shingo ndiyo inayokishikilia. Laptopu humlazimisha mtu ainame, kwa kuwa skrini na kibodi vimeungana: ukiipandisha mikono hutaabika, ukiishusha shingo hutaabika. Dawa ni kuvitenganisha. Iweke juu ya vitabu au sanduku mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho au uwe chini yake kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa. Kisha tumia kibodi na kipanya vya pembeni, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Anayevaa miwani ya sehemu mbili aishushe skrini zaidi, asije akainua kidevu siku nzima. Kitandani si mahali pa kazi ya saa nne.

Hata kikao kizuri kikishikiliwa saa nzima huchosha, kwa sababu msuli uliokazwa mfululizo haupati damu ya kutosha. Kwa hiyo kikao hakiondoi haja ya kuinuka.

Mapumziko haya yana mipaka. Hayaponyi macho yanayohitaji miwani, hasa kwa waliopita miaka 40. Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu nayo isikutoe fedha; mapitio makubwa ya tafiti ya mwaka 2023 hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Uchovu wa kawaida huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Maumivu yakiamka nawe asubuhi, au ganzi ikakuamsha usiku katika kidole gumba na viwili vinavyofuata, muone daktari. Na jicho moja likiwa jekundu lenye maumivu makali, au ukiona vimulimuli vya ghafla, nenda siku hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq.