Mistari Mitatu ya Katibu Mahsusi

Barua nyingi za kuomba kazi ya katibu mahsusi zina sentensi hii: "Nina ujuzi wa kompyuta, kuandika mihtasari na kutunza mafaili." Msomaji anaipita tu, maana nusu ya waombaji wameiandika vivyo hivyo. Mistari mitatu inatosha, ila kila mmoja useme kitu ambacho kwenye usaili unaweza kuambiwa, "Haya, kaa hapo ufanye."

Tuanze na kompyuta. Matangazo ya serikali ya Tanzania kwa kada hii yamekuwa yakitaja stashahada ya uhazili, hatimkato ya maneno 100 kwa dakika na cheti cha programu za ofisi. Kwa hiyo kutaja Word na Excel peke yake hakukutofautishi na mtu. Taja kazi: "Natumia Mail Merge ya Word kuandaa barua za mwaliko kutoka orodha ya majina iliyo kwenye Excel." Anayeijua kazi hiyo ataelewa mara moja kwamba huandiki bahasha moja moja. Kasi ya hatimkato iwe ileile iliyo kwenye cheti. Kama ni 80, andika 80.

Mihtasari ndipo wengi wanapoanguka. Mtu huandika "wajumbe walijadili kwa kina suala la printa", na mwezi unaofuata, kikao kikifika kwenye yatokanayo, hakuna anayejua nani alipaswa kufanya nini. Muhtasari unaofaa husema: "Iliazimiwa printa ya masijala itengenezwe kabla ya tarehe 30 Juni. Mhusika: Afisa Ugavi." Basi kwenye barua andika: "Naandika maazimio, mhusika na tarehe, na rasimu humfikia mwenyekiti kesho yake." Usiahidi kesho yake kama hujawahi kuiweza, maana watakuuliza ulifanyaje.

Mstari wa tatu ni majalada, na hapa sema mazoea yako, si sifa. Neno "nadhifu" halipimiki. "Kila barua naipa namba ya folio kabla haijaingia kwenye jalada, na jalada likitoka naandika nani amelichukua na lini" linapimika. Kwa mafaili ya kompyuta, onyesha unavyoyapa majina:

```
2025-03-14_Muhtasari_Manunuzi
```

Mwaka ukitangulia, kisha mwezi na siku, kompyuta huyapanga yenyewe kwa mfuatano wa tarehe. Anayeanza na siku atakuta Machi 14 imekaa jirani na Novemba 14, na mafaili yanayoitwa "muhtasari mpya" na "muhtasari mpya wa mwisho" yamemchanganya hadi mwenyewe.

Ukishaandika hivyo, jiandae kwa swali ambalo msailiwa aliyekariri hulikosa: barua moja inazungumzia likizo ya mtumishi na pia deni lake la masurufu, utaiweka jalada gani? Nakala halisi hukaa kwenye jalada la jambo kuu, kivuli chake kwenye jalada la pili, na kwenye kila moja unaandika namba ya jalada jingine.