Mdahalo wa zamu: kila mwanafunzi atetee, apinge, aamue

Mdahalo wa shule tuliouzoea una meza mbili mbele ya darasa. Wasemaji watatu wanatetea mada na watatu wanaipinga, na pembeni wapo mwenyekiti, katibu na mtunza muda. Darasa likiwa na wanafunzi 45, waliobaki 36 kazi yao ni kupiga makofi. Mara nyingi wasemaji hao sita ni walewale wa mdahalo uliopita, kwa sababu mwalimu anataka shughuli inoge na darasa zima linajua nani ana maneno. Aliyepewa kutetea anatoka akiwa ameung'ang'ania upande wake kuliko alivyoingia, kwani dakika zote alizosimama alikuwa anautafutia upande huo sababu tu.

Kuna namna ya kuwagawa wote 45 ili kila mmoja atetee mara moja, apinge mara moja na aamue mara moja, ndani ya vipindi viwili vya mfululizo. Gawa darasa katika makundi matano ya wanafunzi tisa. Kila kundi lina timu tatu za watu watatu: A, B na C. Raundi ya kwanza, A inatetea, B inapinga, C inaamua. Raundi ya pili, B inatetea, C inapinga, A inaamua. Raundi ya tatu, C inatetea, A inapinga, B inaamua. Midahalo mitano inaendelea kwa wakati mmoja, mmoja katika kila pembe ya darasa na wa tano barazani au chini ya mti. Darasa likiwa na wanafunzi 47, timu mbili zitakuwa na watu wanne na hakuna kinachoharibika.

Muda ndio unaowashinda wengi, kwa hiyo uhesabiwe mapema. Kila msemaji ana dakika tatu, na wasemaji ni sita, jumla dakika 18. Waamuzi wapewe dakika mbili za kuandika na tatu za kutoa uamuzi, kisha dakika mbili za kubadilishana viti. Raundi moja ni dakika 25, raundi tatu ni 75. Vipindi viwili vya dakika 40 vinakubakizia dakika tano tu, nazo zitaliwa na kuhamisha madawati. Maandalizi basi yafanyike siku iliyotangulia. Kila mwanafunzi akunje karatasi katikati, upande mmoja aandike hoja tatu za kutetea na upande wa pili hoja tatu za kupinga. Nani ataanza upande gani asijue mpaka asubuhi ya mdahalo, timu zitakapopiga kura. Akijua tangu jana, upande wa pili wa karatasi utakuja na sentensi mbili za kumridhisha mwalimu.

Ndani ya timu nako kuna zamu. Wa kwanza anafungua hoja, wa pili anajibu hoja za wenzao, wa tatu anafunga. Timu ikisimama mara ya pili, aliyefungua sasa anajibu, aliyejibu anafunga, na aliyefunga anafungua. Kazi ya kujibu ndiyo ngumu kuliko zote, maana haiwezi kukaririwa nyumbani. Timu inapoamua, mmoja anatunza muda, mmoja anaandika hoja, mmoja anasoma uamuzi. Msiwaachie wanafunzi wachague kazi hizi. Wenye aibu watakimbilia saa na hawataiachia.

Tuchukue mada hii: wanafunzi wa sekondari za kutwa waruhusiwe kwenda na simu shuleni. Nimeichagua kwa sababu inadai uamuzi, na pande zote mbili zina watu wenye akili zao. Tuseme Neema yuko timu A, naye anafungua. Anasema kipindi cha mwisho kikichelewa anatembea gizani mpaka kituoni, na bila simu mama yake hana njia ya kujua yuko wapi. Ni hoja nzito, tena ni maisha yake. Msemaji wa B anamjibu kwamba simu hiyohiyo ndiyo itakayomfanya avamiwe njiani, na kwamba shule inaweza kuwa na simu moja ofisini ya kuwapigia wazazi.

Raundi ya pili Neema anaamua. Sheria ya waamuzi ni moja, nayo isilegezwe: kabla ya kusema nani ameshinda, waandike hoja nzito kuliko zote ya kila upande kwa maneno ya aliyeisema. Hapa ndipo kasoro kubwa ya mpango huu hujitokeza. Timu iliyotoka kutetea huwa bado ina hasira za kutetea. Utaijua kwa kusoma karatasi yake: ukikuta hoja zilizoandikwa ni zilezile ilizosema yenyewe raundi ya kwanza, waamuzi hao hawakusikiliza. Rudisha karatasi, waulizwe wasemaji walisema nini.

Raundi ya tatu Neema anapinga, na sasa kazi yake ni kujibu. Mbele yake timu C inaleta hoja ya giza na kituo, ileile yake. Anajua inapouma, na anajua pia jibu gani halitoshi. Hawezi kusema tu kwamba giza si tatizo, kwa sababu yeye mwenyewe amepita humo. Inambidi atafute jibu la kweli, labda kwamba dawa ya giza ni kuwahi kufunga shule, na kwamba simu haimfikishi mtu nyumbani. Jibu hilo asingelifikia kama angebaki kiti kimoja.

Tatizo la pili ni kurudiarudia. Kufikia raundi ya tatu kila hoja imeshasikika, na wavivu wataikariri. Weka sharti kwamba kila anayefungua katika raundi ya pili na ya tatu aanze kwa kutaja hoja kali kuliko zote ya upande wa pili, kwa haki, kisha alete angalau hoja moja ambayo haijasemwa. Anayeshindwa kuitaja kwa haki apunguziwe alama hata kama anaongea kama mto.

Wapo wanaopinga kumlazimisha mtoto atetee asichoamini, na hoja yao ni ya siku nyingi. Mwaka 1954 vyuo vya Marekani vilipewa mada ya kuitambua serikali ya kikomunisti ya China, na vyuo vya kijeshi vya West Point na Annapolis vikakataa wanafunzi wao wasishiriki. Wakosoaji wa wakati ule walisema kusema usichoamini ni kufundishwa uongo. Naona wana haki nusu. Baada ya raundi tatu kila mwanafunzi apewe nafasi ya kuandika aya moja ya msimamo wake mwenyewe, bila upande wa kupangiwa. Ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota, David na Roger Johnson, walipanga mbinu yao hivyohivyo: wanafunzi wanne, jozi mbili, wanabadilishana pande, kisha wanaziacha pande zote na kutafuta jibu la pamoja.

Nusu ya pili ya haki yao iko kwenye uchaguzi wa mada. Usimsimamishe msichana atetee ndoa za wanafunzi, wala mtoto mwenye ulemavu atetee kutengwa kwake. Mada ya namna hiyo haina pande mbili za kuzungushwa, na mtoto hapaswi kusimama mbele ya wenzake kujishtaki.

Na alama, mwalimu, usizijumlishe mpaka raundi ya tatu iishe. Ukitangaza washindi baada ya raundi ya kwanza, hakuna atakayekubali kuhama kiti kwa moyo.